Chanjo ya Mdondo katika Vijiji vya Kilosa na Mikumi



Mwanafunzi asomaye cheti cha afya ya mifugo hupewa karatasi yenye jedwali la chanjo. Upande mmoja limeandikwa jina la ugonjwa, katikati umri wa mnyama, na mwishoni muda wa kurudia. Jedwali hilo ni jema, na walioliandika waliijua kazi yao. Lakini kijana akilichukua jinsi lilivyo na kwenda nalo vijijini Kilosa au Mikumi, atakwama katika mstari wa kwanza wa kuku. Nimechagua mstari huo mmoja tu kwa mazungumzo ya leo, nao ni mstari wa mdondo, ugonjwa ambao wengine huuita kideri. Habari za ng'ombe na mbuzi zina wakati wake.

Katika karatasi nyingi mstari huo husema hivi: kifaranga achanjwe siku ya 7, arudiwe siku ya 21, kisha kila baada ya miezi 3. Mwanafunzi huukariri, na katika mtihani huuandika vizuri akapata alama zake. Baadaye afika uani kwa mama mmoja wa kijiji, aona kuku ishirini na zaidi wakichakura chini ya mwembe, wakubwa kwa wadogo, naye auliza, "Mama, vifaranga hawa wana siku ngapi?" Mama amjibu, "Wa yupi, mwanangu? Wale wa kuku mweupe waliangua wakati wa kupalilia. Hawa wa kishingo waliangua juzi. Na yule mwingine bado anaatamia." Hapo siku ya 7 iko wapi? Kwa uani ule kuna siku ya 7 karibu kila juma.

Jedwali lile liliandikwa kwa ajili ya mtu aliyenunua vifaranga 500 vilivyoanguliwa siku moja katika mashine moja, akavifungia katika banda moja. Kwake yeye kuhesabu siku ni jambo jepesi, kwa kuwa wote wana umri mmoja, na wote watauzwa wakati mmoja. Kuku wa kienyeji hawaishi hivyo. Wengine wazaliwa leo, wengine wauzwa kesho, wengine wachukuliwa na mwewe keshokutwa. Kundi lao ni kama maji ya mto Mkondoa: ukipita leo na ukipita mwezi ujao, mto ni ule ule kwa jina, lakini maji uliyoyaona kwanza yamekwisha kwenda zake. Kwa sababu hiyo kalenda ya chanjo ya kuku wa kijiji haiwezi kufuata umri wa kuku mmoja mmoja. Yafuata miezi ya mwaka, na kijiji chote huchanjwa kwa pamoja, kila baada ya miezi 4. Katika Tanzania miezi iliyozoewa ni Januari, Mei na Septemba.

Kabla ya kueleza hesabu ya miezi hiyo, yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Mdondo huletwa na kirusi, nacho ni kitu kidogo kisichoonekana hata kwa darubini ya kawaida ya shuleni. Wataalamu waliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza, na vitabuni hata leo waitwa kwa jina la mji huo. Kirusi hutoka kwa kuku mgonjwa katika kinyesi, katika mate na kamasi, na katika pumzi. Hukaa katika matenga ya kusafirishia kuku, katika viatu vya mnunuzi apitaye nyumba kwa nyumba, na katika manyoya na matumbo yatupwayo jalalani. Hauna dawa. Ukiingia katika kundi lisilo na kinga waweza kuua wote, au kuacha wawili watatu wenye shingo zilizopinda.

Sasa tazameni jinsi Kilosa na Mikumi zilivyokaa. Kilosa imo katika njia ya reli ya kati, na Mikumi iko juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Iringa na Mbeya, mahali ambapo njia ya Kilosa na njia ya Kidatu na Ifakara hukutana nayo. Kuku anunuliwaye asubuhi katika kijiji cha Ulaya (ndiyo, kiko kijiji kiitwacho Ulaya, kati ya Kilosa na Mikumi) aweza kuwa katika tenga kando ya barabara kuu saa sita ya mchana, amechanganyika na kuku wa vijiji vingine vitano. Asipopata mnunuzi, jioni arudishwa nyumbani. Huyo kuku arudiye kutoka mnadani ni wa kuogopwa kuliko mwewe. Mwewe huchukua kifaranga kimoja akaenda zake.

Basi tuingie katika hesabu. Tuseme mama yetu akaa karibu na Kimamba. Januari ana mitetea 6, jogoo 1, tembe na vijogoo 9, na vifaranga 8. Jumla yao ni kuku 24, na wote wamechanjwa, hata kifaranga cha siku moja, kwa kuwa chanjo nitakayoitaja haimdhuru kifaranga. Uani kwake kinga imekamilika.

Miezi minne yapita. Katika muda huo mama ameuza kuku 7 ili kupata sare na madaftari ya watoto. Amechinja 2, mmoja siku ya sikukuu na mmoja kwa ajili ya wageni. Mmoja amempa dada yake aliyejifungua. Vifaranga 4 vimechukuliwa na mwewe na kicheche. Kuku 14 wametoka, na katika wale 24 waliochanjwa wamebaki 10. Lakini mitetea mitatu imeangua: mmoja vifaranga 9, wa pili 10, wa tatu 8, jumla 27. Kati ya hao 11 wamekufa kwa mvua ya masika na kwa mwewe, wamebaki 16. Mei mama ahesabu kuku wake na kupata 26. Afurahi, kwa kuwa wamezidi wale wa Januari, na bwana mifugo akija amwambia, "Kuku wangu ulikwisha kuwachanja, mwanangu. Nenda kwa jirani."

Mama hasemi uwongo. Alichanja kweli. Lakini kuku aliowachanja ni 10 tu katika 26. Wale 16 wengine hawakuwapo duniani siku ile ya Januari. Yaani zaidi ya nusu ya kundi haina kinga ya chanjo, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Zaidi ya hayo, hata wale 10 kinga yao imeanza kupungua, kwa kuwa kinga ya chanjo hii haidumu mwaka mzima. Mdondo ukiingia Julai, vifaranga na tembe watakwisha kwanza, nao ndio kuku wa kuuza mwakani. Kisha mama atasema, na kijiji chote kitamsikia, kwamba alichanja na kuku wakafa vile vile.

Hiyo ndiyo sababu ya miezi 4. Watu wengi hudhani kwamba muda huo umewekwa kwa ajili ya nguvu ya dawa peke yake. Nusu ya sababu ni nguvu ya dawa, na nusu nyingine ni uzazi wa kuku. Mwanafunzi akilielewa hilo, hatakuwa na haja ya kukariri. Akiingia katika kundi lolote atauliza maswali mawili: wangapi wamezaliwa tangu tulipochanja, na wangapi wameletwa kutoka nje? Majibu yakiwa makubwa, muda umekwisha, hata kama kalenda bado ina majuma machache.

Huenda mtu akauliza juu ya kifaranga aliyezaliwa na mtetea aliyechanjwa: je, harithi kinga ya mama yake? Harithi kamili. Hupata sehemu yake kwa njia ya kiini cha yai, nayo humlinda kwa majuma machache ya kwanza tu, kisha hupungua na kwisha. Ni kama chakula cha njiani alichofungiwa na mamaye. Kitamfikisha mahali, lakini hakitamfikisha mwisho wa safari.

Twende kwenye chanjo yenyewe. Ziko za aina nyingi. Zile za zamani zilizo hai, kama La Sota, hufanya kazi vizuri, lakini hutaka baridi tangu kiwandani mpaka mkononi mwa mchanjaji. Katika mji wenye umeme na barafu hilo si tatizo. Katika kijiji kilicho ng'ambo ya mto uliofurika ni tatizo kubwa, na watu wa Kilosa hawahitaji kuelezwa habari za mafuriko, maana yale ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu hata njia ya reli. Kwa ajili ya vijiji vya namna hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walitafuta kirusi cha mdondo kilicho kipole, kisichomwuguza kuku, tena chenye kustahimili joto. Wakakiita I-2, na mbegu yake wakazipa nchi zilizotaka kujitengenezea chanjo. Tanzania ni mojawapo. Chanjo hiyo hutengenezwa Kibaha, na huuzwa kwa jina la TEMEVAC.

Kustahimili joto kuna mpaka wake, na hapa ndipo wengi huharibu. Chanjo kavu iliyo katika kichupa kilichofungwa huwekwa mahali pa baridi kama ilivyoandikwa, nayo yaweza kutolewa na kuchukuliwa safari ya siku kadhaa bila barafu, pasipo kufa. Lakini jua la moja kwa moja huiua. Kichupa kilichowekwa juu ya kiti cha baiskeli mchana wa Mikumi si chanjo tena, ni maji. Kifungwe katika kitambaa kilicholoweshwa, kiwekwe ndani ya kikapu chenye kivuli. Na ikiisha kuchanganywa na maji, nguvu yake hupungua upesi zaidi, kwa hiyo ichanganywe asubuhi na imalizwe siku ile ile.

Maji nayo yana shauri lake. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini huua kirusi cha chanjo kama yauavyo vijidudu vingine, kwa kuwa klorini haijui kirusi kipi ni rafiki. Yachemshwe, yaachwe yapoe kabisa katika chombo safi kisicho na sabuni. Kama kichupa kimekuja na maji yake ya kuchanganyia pamoja na kichwa cha kudondoshea matone, tumia hayo na ufuate karatasi yake. Kama hakikuja nayo, itakubidi upime tone lako mwenyewe.

Kupima tone ni kazi ya dakika tano, na katika kazi yote ya chanjo hii naiona ndiyo idharauliwayo kuliko zote. Vichwa vya vichupa havilingani. Kimoja hutoa matone makubwa, kingine madogo. Chukua bomba la sindano, vuta mililita 1 ya maji safi, uitie ndani ya kichupa chako cha matone, kisha kigeuze wima kabisa, mdomo chini, uhesabu matone mpaka yaishe. Rudia mara tatu ili upate hesabu ya kuaminika. Tuseme umepata matone 25. Na tuseme kichupa cha chanjo kimeandikwa dozi 200. Kuku mmoja hupewa tone moja, basi wahitaji matone 200. Gawanya 200 kwa 25, wapata 8. Utachanganya chanjo ile na mililita 8 za maji, si zaidi.

Sasa tazama kosa litokeavyo. Mtu mwenye huruma aona kuku ni wengi, akasema, "Nitaongeza maji kidogo ili wote wapate." Atia mililita 16. Amepata matone 400, lakini ndani ya kila tone mna nusu ya dozi tu. Kuku 400 wameguswa na maji, na huenda wengi wao hawakupata kinga ya kutosha. Afadhali angechanja 200 sawasawa na kuwaambia wenye wale 200 wengine wangoje kichupa cha pili. Tena asipange kuku 200 kwa matone 200. Kuku mmoja atatikisa kichwa, mwingine atapepesa kabla ya wakati, tone litaanguka chini. Apange kuku 180 tu, yaani nyumba 9 zenye kuku 20 kila moja. Hapo mwaona pia kwa nini mama yetu mwenye kuku 26 hawezi kuchanja peke yake: angefungua kichupa cha watu wengi, akatumia kidogo na kumwaga mengine. Chanjo hii ni shirika la majirani, na gharama yake kwa kila kuku huwa ndogo pale tu majirani wanapokubaliana siku moja.

Siku hiyo iwe alfajiri, kabla kuku hawajafunguliwa. Ukiisha kuwafungua, utawakimbiza mpaka adhuhuri, na waliobaki juu ya miti watabaki bila chanjo. Mtu mmoja amshike kuku na kumlaza ubavu, jicho moja likitazama juu. Mwingine ageuze kichupa wima, kwa sababu kikiinamishwa tone hubadili ukubwa, aache tone moja lianguke katika jicho, bila kichupa kugusa jicho. Wangoje mpaka kuku apepese na tone lienee. Hapo amwachie. Jogoo mkubwa na kifaranga cha jana hupewa tone moja lile lile. Mama akiuliza kama mayai na nyama zafaa kuliwa baada ya hapo, jibu ni ndiyo, zafaa. Wako wanaotia chanjo katika maji ya kunywa ili kuepuka taabu ya kushika kuku. Yawezekana, lakini kuku mmoja hunywa sana na mwingine hanywi kabisa, na kinga yao huwa haba. Kwa kuku wachache wa nyumbani jicho ni bora.

Nimesema ya kalenda na ya tone. Limebaki la dalili, nalo katika karatasi ya mwanafunzi huwekwa ukurasa mwingine, kana kwamba ni somo lingine. Mimi naona ni somo lile lile, kwa kuwa dalili ndizo zimwambiazo mchanjaji kwamba leo asifungue kichupa chake.

Dalili ya kwanza si ile ya shingo iliyopinda, ingawa ndiyo wote wanayoikumbuka. Shingo hupinda ugonjwa ukiisha kukomaa. Dalili ya mapema huonekana asubuhi mlangoni mwa banda. Mlango ukifunguliwa kuku wazima hutoka kwa fujo, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza. Mgonjwa huchelewa. Husimama kando, manyoya yamesimama kama amenyeshewa, mabawa yameshuka, macho yamefumba nusu. Ukimtupia punje, huitazama tu. Baadaye waona anahema kwa mdomo wazi, akinyoosha shingo na kutoa sauti ya kukwaruza. Kinyesi chake huwa majimaji, mara nyingi chenye rangi ya kijani. Mitetea huacha kutaga, au hutaga mayai yenye ganda laini. Ndipo baada ya hayo, kwa wale ambao hawajafa, huja kutetemeka, kupooza mguu au bawa, kuzunguka mahali pamoja, na shingo kupinda. Na pengine ugonjwa huwa mkali hata kuku walilala wazima jana, na leo wako chini wamekufa, bila dalili yo yote ya katikati.

Tangu kirusi kimwingie kuku mpaka dalili zionekane hupita siku 2 mpaka 15, mara nyingi siku 5 au 6. Na tangu tone lianguke jichoni mpaka kinga ishike vizuri hupita juma moja au mawili. Wekeni hesabu hizo mbili pamoja. Jirani ana kuku waliokufa leo. Kuku wako wamekuwa wakichakura pamoja nao, na tuseme kirusi kiliwaingia siku tatu zilizopita. Wewe wamwita mchanjaji leo. Siku mbili au tatu baadaye kuku wako waanza kuugua, wakati chanjo bado haijafanya kazi. Watu watasema chanjo imewaua. Haikuwaua, walikuwa wamekwisha kuupata ugonjwa kabla haijaja, lakini hutaweza kumshawishi mtu aliyefukia kuku 20. Pengine mchanjaji mwenyewe, aliyeshika kuku wa jirani kwa mikono ile ile na viatu vile vile, ndiye aliyeuleta katika nyumba ya tatu.

Kwa hiyo mchanjaji afikapo kijijini, kabla ya kutia maji katika kichupa, auamkie ua na kuuliza: "Shikamoo, mama. Je, tangu majuma mawili yaliyopita kuna kuku aliyekufa hapa au kwa majirani?" Akijibiwa kwamba hakuna, aendelee. Akijibiwa kwamba wako, asichanje katika nyumba ile yenye ugonjwa, wala asiingie bandani. Aweza kuchanja sehemu za kijiji ambazo ugonjwa haujafika, akianzia mbali na kusogea karibu, si kinyume chake, akinawa mikono kwa sabuni na kusafisha viatu kati ya nyumba na nyumba. Kunawa ni kwa ajili yake pia, kwa kuwa kirusi hiki kikiingia jicho la mtu huweza kulifanya liwe jekundu na kuuma kwa siku chache.

Habari ya vifo vingi vya ghafula impelekee ofisa mifugo wa kata siku ile ile. Hilo ni agizo la Sheria ya Magonjwa ya Mifugo ya mwaka 2003, na lina sababu nyingine zaidi ya mdondo. Mafua makali ya ndege huanza kwa dalili zinazofanana nao, na kwa macho hata mtaalamu hawezi kuapa ni upi. Maabara ndiyo isemayo. Basi msimwage wala kuwatupa kuku wote kabla ofisa hajaambiwa, wala msiwapasue kwa udadisi. Akiisha kutoa ruhusa, wafukiwe shimo refu au wachomwe moto. Kuku aliyeanza kusinzia asipelekwe barabarani Mikumi ili auzwe kabla hajafa. Naijua hoja ya mwenye kuku: angalau apate kitu. Lakini tenga lile litapita katika vijiji vingi kabla ya jioni, na matenga hurudi.

Kuna magonjwa mengine ambayo chanjo ya mdondo haiyazuii kabisa, na ni lazima mchanjaji aseme hivyo mapema, si baada ya kulaumiwa. Ndui ya kuku hutoa vipele na magamba kichwani, katika upanga na kandokando ya macho, nayo ina chanjo yake. Homa ya matumbo ya kuku na kipindupindu cha kuku huletwa na bakteria, na katika magonjwa hayo dawa iliyoandikwa na mganga wa mifugo yaweza kusaidia, ambapo katika mdondo haisaidii. Kuku mmoja akifa Jumatatu na mwingine Ijumaa ya juma lijalo, shaka yako iende kwanza kwenye mambo hayo, au kwa nyoka na sumu. Wakianguka watano, kisha kumi, katika nyumba tatu zilizo jirani ndani ya juma moja, wakubwa kwa wadogo, fikiri mdondo.

Mama yetu wa Kimamba tulimwacha Mei akiwa na kuku 26, akimwambia bwana mifugo aende kwa jirani. Kijana mwenye karatasi yake hana haja ya kubishana naye. Amwombe tu, "Mama, nionyeshe wale tuliowachanja Januari." Atamwonyesha jogoo, mitetea yake sita, na tembe watatu. Kisha ahesabu pamoja naye wale waliobaki, mmoja mmoja, wakiwa bado bandani.